Herufi ya tatu: jibu kwa mwenye duka anayeonyeshwa picha za malipo

*Shikamoo mwalimu. Nina duka Kisauni, Mombasa. Siku hizi wateja wengi hawanionyeshi ujumbe wa M-PESA wenyewe, wananionyesha picha tu. Mara bosi amelipa, mara dada amelipa kutoka Nairobi, nami simu ya tili anatembea nayo mume wangu. Je, picha ya uongo naweza kuijua kwa kuitazama tu? Maelezo ya kitaalamu hunipita, ukiweza nieleze kwa kisa.*

Marahaba, dada yangu. Nitangulize jibu lenyewe: kwa kuitazama tu, picha ya uongo unaweza kuikamata mara kadhaa, lakini picha ya kweli huwezi kuithibitisha hata mara moja. Hayo ni mambo mawili, na wenye maduka wengi wanaoibiwa huibiwa hapo katikati yake. Umeomba kisa, basi nakupa kisa. Watu wake na duka lake nimewabuni mimi, lakini mbinu ya mwizi na njia iliyomfichua ni zilezile ninazowafundisha wenye maduka na mawakala kila siku.

Bi Zuhura ana duka la jumla karibu na soko la Kongowea. Anauza unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, na rafu moja ya vitu vya rejareja kwa ajili ya majirani. Namba ya tili imebandikwa ukutani, na laini yake imo kwenye simu ya kaka yake, ambaye mchana kutwa yuko mbioni kutafuta mzigo. Kwa hiyo wamejiwekea utaratibu wao. Mteja akilipa, humwonyesha Bi Zuhura ujumbe, naye hunakili namba ya muamala kwenye daftari pamoja na kiasi na bidhaa. Usiku kaka akirudi, hukaa na daftari na simu wakalinganisha mstari kwa mstari. Ni utaratibu wenye tundu kubwa, kwa kuwa wizi wa saa nne asubuhi hujulikana saa tatu usiku, mwizi akishafika mbali. Lakini daftari lile, kama utakavyoona, ndilo lililomwokoa.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 27 Mei 2024, magharibi inaingia. Dukani palikuwa na watu watano hivi, na mwadhini wa msikiti wa jirani alikuwa ameshamaliza. Akaingia kijana mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi, akaamkia vizuri: "Shikamoo mamangu." Akaomba mtungi mmoja wa mafuta wa lita ishirini na bale mbili za unga wa ngano. Mafuta shilingi 4,600, unga 1,950 kila bale, jumla 8,500. Alisema mzigo ni wa mkahawa Mtwapa, na mwenye mkahawa ndiye atakayelipa kwa simu. Tuktuk tayari ilikuwa inanguruma mlangoni.

Kijana akapiga simu mbele yake, akaisoma namba ya tili kutoka kwenye bango polepole, tarakimu moja moja. Baada ya dakika mbili simu yake ikalia mlio wa wasapu. "Bosi ameshalipa, mama. Hii hapa." Akamgeuzia kioo. Ilikuwa picha ya ujumbe huu:

```
SEI4T9XK2B Confirmed. Ksh8,500.00 paid to
ZUHURA STORES. on 27/5/24 at 6:31 PM.
New M-PESA balance is Ksh14,260.00.
Transaction cost, Ksh0.00.
```

Bi Zuhura si mjinga wa mambo haya. Alitazama alivyofundishwa kutazama. Jina la duka lilikuwa lake, limeandikwa sawasawa. Kiasi kilikuwa sawa. Saa ilikuwa ya dakika tatu zilizopita. Ujumbe ulisema *paid to*, kama usemavyo ujumbe wa anayelipa tili, wala haukusema *sent to* kama wa anayemtumia mtu binafsi. Gharama ya muamala ilikuwa sifuri, nayo ni sahihi, kwa sababu mteja anayelipa kwa tili hakatwi ada. Maandishi yalikuwa ya M-PESA kabisa, nukta na koma mahali pake.

"Ndugu yangu ndiye mwenye simu," akasema. "Ngoja nimuulize."

"Muulize tu mama, lakini mtandao leo uko chini, hata bosi amehangaika. Na huyu wa tuktuk ananidai kila dakika." Alisema kwa upole, bila kugomba. Nyuma yake mama mmoja alikuwa ananyoosha mkono na noti ya shilingi mia mbili, mtoto analia anataka biskuti. Bi Zuhura akampigia kaka yake, simu ikaita mpaka ikakatika. Alikuwa amekwenda kuswali. Akamtazama tena yule kijana, akamwambia Katana, kijana wake wa duka, "Haya, pakia."

Katana akajitwisha bale ya kwanza. Bi Zuhura akavuta daftari ili aandike muamala kabla hajausahau. Kalamu ikaandika S, ikaandika E, ikaandika R, kisha akainua macho kwenye kioo cha yule kijana ili anakili herufi zilizobaki. Kwenye kioo hapakuwa na R. Palikuwa na I.

Alidhani amesoma vibaya, maana macho yake huchoka jioni. Akaisogeza simu. SEI. Akatazama daftari. Ukurasa wote wa siku hiyo, tangu mkate wa asubuhi, ulikuwa na safu moja iliyonyooka: SER, SER, SER, SER, kila mstari, na baada ya hapo ndipo herufi zinatawanyika kila moja na njia yake. Mkono wake ulikuwa umeandika herufi hizo tatu tangu alfajiri hadi ukazizoea. Hakujua zina maana gani. Alijua tu kwamba leo hii, katika duka hili, hakuna hata mtu mmoja aliyelipa kwa herufi nyingine.

Akafunua ukurasa wa nyuma. Jumapili: SEQ, SEQ, SEQ. Wa nyuma yake, Jumamosi: SEP. Akaendelea kufunua huku yule kijana akimtazama, mpaka akafika ukurasa wa tarehe 18 Mei. Hapo kila mstari ulianza na SEI. Akashuka kwa kidole, na mstari wa sita, kwa mwandiko wake mwenyewe, ulisomeka: SEI4T9XK2B, 85/-, maziwa na biskuti.

Namba ileile kwa herufi zake zote kumi. Siku tisa kabla, mtu alikuja hapo akanunua pakiti ya maziwa na biskuti, akalipa kwa tili, akaondoka na ujumbe halisi wenye jina halisi la duka. Kisha mahali fulani akakaa na ujumbe ule, akabadilisha 85.00 ikawa 8,500.00, akabadilisha tarehe na saa, na pengine salio, akapiga picha. Ndiyo maana kila kitu kilikuwa sahihi: karibu chote kilikuwa cha kweli.

Bi Zuhura hakupiga kelele. Akamwambia Katana, "Teremsha kwanza mwanangu." Kijana akauliza kuna nini. "Hakuna neno. Ndugu yangu akishaniambia pesa imeingia, mzigo wako ni huu hapa." Simu ya kaka ikalia wakati huohuo. Naye Bi Zuhura akauliza swali ambalo nataka ulishike: hakumuuliza kama shilingi 8,500 zimeingia. Alisema, "Nisomee ujumbe wa mwisho ulioingia kwenye tili." Kaka akasoma: shilingi 230, saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa, namba inaanza na SER.

Yule kijana akasema anatoka nje kidogo apate mtandao ampigie bosi. Alipita upande wa pili wa tuktuk akaingia kwenye umati wa soko, na dereva wa tuktuk, ambaye alikuwa amekodiwa tu pale stendi, ndiye aliyebaki mlangoni akiuliza nani atamlipa.

Sasa nikueleze herufi ile ina nini, dada, kwa sababu utaitumia.

Namba ya muamala ya M-PESA ya Kenya ina herufi na tarakimu kumi. Watu wengi huiona kama mchanganyiko usio na mpangilio, na mwizi wa Bi Zuhura bila shaka aliiona hivyohivyo, ndiyo maana hakuigusa. Lakini tatu za mwanzo hufuata kalenda. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, ya tatu ni siku. Mwaka 2019 ulikuwa N, 2020 ukawa O, 2021 P, na kuendelea, hivyo 2024 ni S, 2025 ni T na 2026 ni U. Mwezi ni A kwa Januari, B kwa Februari, mpaka L kwa Desemba. Mei ni mwezi wa tano, kwa hiyo E. Siku ya kwanza mpaka ya tisa ya mwezi huandikwa kwa tarakimu yake, 1 mpaka 9. Kuanzia tarehe kumi huingia herufi: kumi ni A, kumi na moja ni B, ishirini ni K, na thelathini na moja ni V. Ukihesabu hivyo, 18 inaangukia I na 27 inaangukia R. SEI ni tarehe 18 Mei 2024, SER ni tarehe 27 Mei 2024. Picha ile ilikuwa na tarehe mbili ndani yake, moja aliyoiandika mwizi na nyingine aliyoisahau.

Ukitaka kuhakikisha kwamba sikutungii, chukua mfano ambao Safaricom wenyewe wameuweka katika maelezo ya mfumo wao wa Daraja, ule wanaoutumia watengenezaji wa programu. Namba ya muamala pale ni NLJ7RT61SV, na malipo yenyewe yameandikwa kuwa ya tarehe 19 Desemba 2019. N ni 2019, L ni Desemba, J ni kumi na tisa. Au rahisi zaidi, fungua simu yako sasa hivi, tafuta ujumbe wa M-PESA wa siku unayoikumbuka vizuri, siku ya harusi au ya kulipa karo, uhesabu.

Lakini sitaki ukariri jedwali hilo ukae nalo dukani. Mpangilio huu unaonekana katika ujumbe wa miaka mingi, ila wenye mfumo wanaweza kuubadilisha siku yoyote bila kukuuliza wewe wala mimi. Kipimo kisichochakaa ni kile cha Bi Zuhura: linganisha na malipo mengine ya leo, dukani mwako au kwenye simu yako. Ikiwa leo umelipa nauli ya matatu kwa M-PESA, tayari unazo herufi tatu za leo. Ya mteja ikianza tofauti na ya kwako ya leo, simamisha mzigo.

Kuna mtego mmoja mdogo wa macho. Kwenye simu nyingi herufi I na tarakimu 1 hufanana sana. I ni tarehe 18 na 1 ni tarehe mosi. Vilevile O ni tarehe 24, na mahali hapo pa tatu haiwezi kuwa sifuri kwa sababu hakuna tarehe sifuri. Ikikutatiza, itazame kando ya namba nyingine ya siku hiyohiyo, wala usimshuku mtu kwa sababu ya umbo la herufi moja ulilolitazama mara moja jioni.

Sasa nije kwenye upande ambao ni mgumu zaidi kuukubali. Herufi zikitofautiana, picha ni ya uongo au ni ya siku nyingine, na kwako yote ni sawa, hujalipwa. Lakini herufi zikilingana, hujathibitisha kitu. Mwizi anayeujua mpangilio huu atairekebisha herufi ya tatu kwa sekunde chache. Mwingine ataunda ujumbe mzima upya, na namba ya muamala atainakili kutoka ujumbe wake halisi wa asubuhi hiyo. Kuna na wa tatu, ambaye hakughushi chochote: anakuonyesha ujumbe wa kweli kabisa wa malipo ya kweli, lakini ni yale aliyokulipa saa tatu asubuhi wakati dukani alikuwapo mume wako. Jioni anakuja na picha ileile, kwa bidhaa za bei ileile, akijua zamu imebadilika. Huyo hana kosa la herufi wala la tarehe, na kama picha imekatwa juu kidogo hata saa huioni. Kinachomkamata ni daftari peke yake, kwa sababu namba yake itakuwa imeshaandikwa humo.

Ndiyo maana nasema andika namba yote, herufi zote kumi. Naona maduka mengi yanaandika nne za mwisho ili kuokoa muda. Ukiandika nne za mwisho, unazitupa tatu za mwanzo ambazo ndizo zenye siku, na Bi Zuhura angekuwa na ukurasa wa herufi zilizotawanyika tu, hakuna safu ya SER ya kumshtua.

Kuhusu hizo dalili nyingine zinazosambazwa kwenye makundi ya wasapu, kwamba tazama ukubwa wa maandishi, tazama nafasi kati ya maneno, tazama kama kuna kosa la tahajia: zinawakamata wezi wavivu. Mwizi aliyeanza na ujumbe halisi wa duka lako hana makosa hayo, na ulivyoona, gharama ya kuupata ujumbe huo ni pakiti ya maziwa na biskuti. Nisingependa mtu aachie mtungi wa mafuta kwa kutegemea macho yake kupima nafasi kati ya maneno, jioni, dukani kukiwa na foleni.

Kinachothibitisha malipo ni kitu kimoja: pesa kuonekana upande wako, kwenye laini ya tili, kwa njia ambayo mteja haigusi. Na hapa, dada yangu, tatizo lako kubwa si picha za wateja, ni simu kutembea. Naelewa kwa nini mume wako anakaa nayo. Pesa ya duka iko humo naye anahofia ikipotea au akiichukua mtu. Mwambie hivi: kupokea ujumbe wa malipo hakuhitaji namba ya siri. Laini ya tili iwekwe kwenye kabambe la bei ndogo, likae dukani chini ya mkono wako, na namba ya siri abaki nayo yeye kichwani. Wewe utaona kila kinachoingia na hutaweza kutoa hata shilingi, na hata kabambe likiibiwa, aliyeiba hana namba ya siri. Jioni anakuja kutoa au kuhamisha pesa kama kawaida. Nimewaona wanandoa na ndugu wakibishana miaka kuhusu simu ya tili, na ugomvi ukaisha siku walipotenganisha kuona na kutoa.

Kabambe likishakaa dukani, usije ukauamini ujumbe wowote unaolia humo. Wezi hutuma pia ujumbe wa kawaida ulioandikwa kama wa M-PESA, kutoka kwa namba ya mtu. Ujumbe wa kweli huingia kwenye mfululizo uleule wenye jina MPESA, chini ya malipo ya mteja aliyetangulia. Ukiingia peke yake, chini ya namba ya simu ya mtu, hata ukiwa na maneno yote sahihi, haukutoka huko. Ukibaki na shaka, mume wako anaweza kutazama salio na taarifa ya tili kwa programu ya M-PESA for Business au kwa kupiga *234#. Ujumbe mtu anaweza kuutunga, salio la tili yako hawezi.

Mtandao kuchelewa ni jambo la kweli, na mara nyingine mteja mwaminifu atakuwa amelipa kweli na ujumbe wako haujafika. Hapo ndipo wenye maduka wengi huona haya. Mteja ni jirani, au amevaa vizuri, au amekuamkia kwa heshima, na kumwambia asubiri unaona kama umemwita mwizi. Usilifanye swali la uaminifu wake. Lifanye la simu yako. Mwambie, "Ndugu yangu, mzigo wako nimeshauweka kando, hauuzwi tena. Simu ya duka ikilia tu, uchukue." Mtu aliyelipa kweli anakasirikia mtandao, atakaa, au ataacha namba yake arudi baadaye, kwa sababu pesa yake tayari iko kwako na mzigo anautaka. Wa picha hana cha kusubiri, kwa hiyo ataongeza haraka: tuktuk inasubiri, bosi anafoka, mgonjwa yuko hospitali. Haraka ya mteja isibadilishe mahali mzigo ulipo. Uwe upande wako wa kaunta, hata kama umeshafungwa kamba.

Na yule anayesema bosi amelipa yuko mbali, usimkatalie, kwa sababu biashara nyingi za mikahawa na ujenzi huendeshwa hivyo kweli. Mwambie bosi akutumie wewe namba ya muamala kwa maandishi, herufi zote kumi, pamoja na picha yake. Kisha itafute namba hiyo kwenye simu yako mwenyewe. Ikiwapo, na kiasi kiko sawa, na haijaandikwa daftarini kabla, mpe mzigo.

Endapo siku moja mzigo utaondoka kabla hujagundua, usifute kitu. Mwombe aliyeipokea picha akutumie, au kama uliipiga kwa simu yako itunze. Andika namba ya muamala iliyokuwa kwenye picha, saa, bidhaa, na namba ya usajili ya tuktuk au bodaboda iliyobeba. Dereva mara nyingi hana hatia, lakini anajua mzigo uliteremshwa wapi. Ripoti kituo cha polisi ukapewe namba ya OB, na namba ya simu iliyotumika kukulaghai itume kwa ujumbe mfupi kwenda 333, namba ya Safaricom ya kuripoti ulaghai. Kughushi ujumbe wa malipo ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandao, hata kama mzigo ni wa shilingi mia tano.

Mpaka hapo mtakapopata kabambe, kuna utaratibu wa kuanza nao leo, na ni ule aliofanya Bi Zuhura kwa kaka yake. Mteja akikuonyesha picha, mpigie mume wako, wala usimwambie kiasi, usimwambie jina, usimsomee namba. Ukimuuliza "Zimeingia 8,500?" naye yuko kwenye matatu, amechoka, ameona ujumbe mmoja umelia dakika chache nyuma, atajibu "ndiyo" kabla hajausoma. Mwambie, "Nisomee wa mwisho ulioingia, kuanzia namba." Aanze yeye, herufi kwa herufi, nawe ufuatilie kwenye picha kwa kidole. Asiposhika simu, mzigo unasubiri mpaka ashike.